Aali Imran aya ya 7: unasimama wapi?

MwanaKisomo: Wakuu, aya hii inasema Kitabu kina aya muhkam, zenye maana wazi, ambazo ndizo msingi wake, na nyingine mutashabih, ambazo maana yake haiko wazi. Halafu: "hapana ajuaye taawili yake ila Mwenyezi Mungu." Sasa masheikh wanaozifasiri, ruhusa wameipata wapi?

Kipanga: Mutashabih ni zile herufi za mwanzo wa sura tu, Alif Lam Mim na wenzake. Mjadala umekwisha. Tabu ni nyinyi wa kusoma tafsiri kwenye simu, hata irabu hamzijui.

Bi Zuhura: Irabu sizijui, sawa. Nilipokuwa chuoni nilimuuliza ustadhi "Mkono wa Mwenyezi Mungu" maana yake nini, akaniambia mtoto wa kike nyamaza. Naye irabu alizijua zote. Jibu sijalipata mpaka leo.

Kipanga: Hapa tunajadili aya, siyo ustadhi wako.

Mzee Kalamu: Kipanga mwanangu, herufi zimo, lakini haziko peke yake. Huo mkono wa Bi Zuhura, Al-Fat-h aya ya 10, nao umo. Wanachuoni huurudisha kwenye muhkam: "Hapana chochote mfano wake," Ash-Shura aya ya 11. Kwa hiyo mkono kama wetu umeshatoka. Baada ya hapo ndipo wanapoachana njia: wengine wanaithibitisha sifa bila kuuliza vipi, wengine wanasema ni uwezo.

Kuhusu ruhusa, fungua misahafu miwili. Wa Madina, baada ya "illa Llah", una alama ya kwamba kusimama ni bora ila kuunganisha kunafaa. Ile ya chapa za Bara Hindi ina mimu: simama, lazima. Ukisimama, "warrasikhuna fil-ilmi", yaani waliobobea katika elimu, wanaanza sentensi yao, na kazi yao ni kusema "tumeiamini". Ukiunganisha, wameingia kwenye wanaojua. Ibn Abbas kapokewa kote kuwili.

MwanaKisomo: Kote kuwili? Si anajipinga?

Mzee Kalamu: Taawili ina sura mbili. Yusuf alipoona nduguze wamesujudu alisema "hii ndiyo taawili ya ndoto yangu", yaani jambo lenyewe limetokea. Uhakika wa namna hiyo, kama Kiyama kitakuwa lini, ni wa Mungu peke yake. Taawili ya kueleza maneno, wenye elimu wanaijua.

Abu Turabu: Sisi Mashia tunaunganisha, na rasikhuna ni Mtume na maimamu wa nyumba yake. Siyo kila aliyevaa kilemba.

Kipanga: Kilemba unamsema nani?

Abu Turabu: Kimekuwasha?

Bi Zuhura: Mzee, shukrani. Miaka yote hii nilikuwa naona haya kuuliza. Kipanga, na wewe una herufi zako?

Kipanga: Ninazo, na irabu juu.

MwanaKisomo: Jamani, swali langu! Hii aya ya 7 yenyewe, ikiwa kituo chake tu kinagombaniwa, ni muhkam au mutashabih?

Kipanga: Nitakujibu Abu Turabu akishaeleza kilemba.