Keyframe Reduction au Optimal: ipi inaokoa RAM bila kuharibu miguu?

mkufu3D
Wakuu, habari za kazi. Nina gemu ya mapigano ya simu. Mhusika ana mifupa 60, rigi ni Generic, klipu 80, na nyingi zimerekodiwa kwa mocap. Simu zenye RAM ndogo zinaifunga gemu katikati ya pambano, na Memory Profiler inaonyesha klipu zimekalia nafasi kubwa.

Nimejaribu chaguo zote za Anim. Compression za Unity. Ya kwanza, Off, ni nzito mno. Keyframe Reduction imepunguza vizuri klipu zilizotengenezwa kwa mkono, ila za mocap hazijapungua karibu kitu. Optimal ndiyo imeshuka zaidi. Tatizo ni kwamba, isipokuwa kwa Off, mhusika akisimama tu miguu inateleza sakafuni kama amesimama kwenye barafu. Makosa yote matatu yanayoruhusiwa, yaani Rotation, Position na Scale Error, nimeyaacha kwenye 0.5 kama yalivyokuja. Nyie mnachagua ipi?

pikseli_mbili
Mimi nilikuwa na shida hiyohiyo, gemu yangu ni ya 2D. Niliunganisha picha zote kwenye atlasi moja, kisha nikajenga kwa LZ4. Ukubwa wa kupakua ulishuka sana.

mkufu3D
Asante ndugu, lakini kwako kilichokula nafasi ni picha. Na LZ4 inabana data ikiwa imehifadhiwa tu. Klipu ikipakiwa inafunguliwa na kukaa kwenye RAM kwa ukubwa wake wote.

BabaTuli
Mkuu usijichoshe. Rudi kwenye programu ya kuundia, toa klipu zote kwa fremu 15 kwa sekunde badala ya 30. Nusu ya data imeondoka papo hapo. Jicho kwenye kioo cha simu haliioni tofauti.

Zuhura_mifupa
BabaTuli amegusa jambo, ila si kwa klipu zote. Mkufu, tuanze na kwa nini mocap haikupungua.

Chagua klipu mojawapo ya mocap, shuka chini kabisa kwenye Inspector. Kuna mstari unaotaja Constant, Dense na Stream. Constant ni mikunjo isiyobadilika, inahifadhi namba moja tu. Dense inahifadhi namba moja kwa kila fremu, kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Stream ndiyo inayohifadhi fremu kuu zilizobaki, na hapo kila fremu kuu haibebi thamani peke yake. Inabeba pia namba za kuuchora mkunjo hadi fremu kuu inayofuata, na alama ya kusema ni mkunjo upi. Hesabu takribani namba tano pale ambapo Dense ingeweka moja.

Sasa chukua mkunjo mmoja wa sekunde 10 kwa fremu 30. Dense ni namba 300, kila moja baiti 4, jumla baiti 1,200. Stream ikibakiwa na fremu kuu 60, kila moja takribani baiti 20, ni baiti 1,200 vilevile. Kwa hiyo kupunguza fremu kuu kunaanza kulipa pale tu unapoondoa zaidi ya nne katika kila tano. Klipu ya mkono inafika hapo kirahisi, maana aliyeitengeneza aliweka fremu kuu chache tangu mwanzo. Mocap ina mtetemo mdogo kila fremu. Kipunguzaji kinaona kila kilima kama mwendo halisi na kinakiacha. Ndiyo maana Optimal imekushushia: inaruhusiwa kuchagua Dense inapoona ni nafuu, na Keyframe Reduction peke yake haifanyi hivyo.



mkufu3D
Dada, nimeangalia. Klipu ya kusimama kwa Keyframe Reduction ni Stream karibu yote. Kwa Optimal, zaidi ya nusu imekuwa Dense. Sasa miguu?

Zuhura_mifupa
Miguu haihusiani na Stream wala Dense, ni ile 0.5. Rotation Error ni digrii, na inapimwa kwa kila mfupa peke yake, bila kujali kilichoning'inia chini yake. Chukua mguu wa sentimita 90. Paja likikosea nusu digrii, kisigino kinahama karibu milimita 8. Nyonga nayo ikikosea nusu digrii upande huohuo, ongeza nyingine 8. Goti linaleta kama 4. Umefika sentimita 2, na kila mfupa uko ndani ya kosa uliloliruhusu. Na kwa kuwa kosa linabadilika kati ya fremu kuu moja na nyingine, kisigino hakihami mara moja kikatulia, kinakwenda na kurudi. Huko ndiko kuteleza.

Ukishusha hadi 0.1, zile sentimita 2 zinakuwa milimita 4. Lakini usishushe kwa klipu zote, utarudisha uzito uliouondoa. Kurusha ngumi hewani au kuanguka, 0.5 inatosha. Zinazohitaji ukali ni zile ambazo mguu umekanyaga na kamera iko karibu. Mipangilio hii inashika faili zima, kwa hiyo klipu hizo zitenge kwenye faili zake. Mimi huzitambua kwa jina, na msimbo huu huwekwa ndani ya darasa la AssetPostprocessor:

```csharp
void OnPreprocessModel() {
    var mi = (ModelImporter)assetImporter;
    mi.animationCompression =
        ModelImporterAnimationCompression.Optimal;
    mi.animationRotationError =
        assetPath.Contains("_mguu") ? 0.1f : 0.5f;
}
```

BabaTuli, fremu 15 nazitumia kwa klipu za kupumua na kutazama huku na huku, na kwa Dense kweli unapata nusu. Ila ngumi ya fremu 4 ukiikata nusu, ile fremu ya kugonga inaweza kupotea kabisa. Mkono unapita shavuni bila kufika.

BabaTuli
Kwa ngumi nakubali. Ila kwa kutembea bado naitumia, na hakuna aliyelalamika.

kisigino
Naongeza moja kabla ya kushusha kosa. Safisha mtetemo kwenye programu ya kuundia kwanza. Mimi hupitisha kichujio chepesi kwenye mgongo na mikono, miguu siigusi kwa sababu kichujio nacho kinaitelezesha. Baada ya hapo kipunguzaji kinapata mikunjo laini na kinaondoa fremu kuu nyingi kwa kosa dogo lilelile.

mkufu3D
Nimerudi. Nimetenga klipu 11 za kusimama na kujikinga, zina "_mguu" kwenye jina, zilizobaki nimeziacha 0.5, zote Optimal. Miguu imetulia. Mgongo nimeuchuja kama alivyosema kisigino, na nimepima kwenye simu yenyewe: memori ya klipu zote iko chini kidogo ya ile ya Optimal ya mwanzo, ingawa hizo 11 zimeongezeka.

Limebaki moja. Mhusika mwenye mkuki, ncha inatikisika akiwa amelenga. Mkono uko sawa kabisa, ni ncha tu.

Zuhura_mifupa
Mkuki una urefu gani kutoka kiganjani?

mkufu3D
Mita 1.6.

Zuhura_mifupa
Basi nusu digrii ya kiganja peke yake ni karibu sentimita 1.4 kwenye ncha, kabla hujahesabu kiwiko na bega. Iweke klipu ya kulenga kwenye "_mguu" uone.

kisigino
Mimi ningeuondoa mkuki kwenye klipu kabisa, niuelekeze kwa msimbo kila fremu kuelekea shabaha. Klipu inabaki nyepesi.

Zuhura_mifupa
Hapo unahamisha kazi kutoka RAM kwenda CPU, na mkono utaanza kuachana na mpini. Ningejaribu 0.1 kwanza.

mkufu3D
Nitajaribu zote mbili wikendi hii, niweke video ya ncha ikiwa karibu.