Mechi ya Uyole na Iyunga haikuisha 5-4! Wanaoharibu video zetu za Mbeya waache

Wakuu, nina hasira.

Mechi za mitaani hapa Mbeya tunazirekodi wenyewe kwa simu zetu, upepo na vumbi vyote vyetu. Nusu fainali ya Uyole na Iyunga ilipigwa Jumapili ya 17 Agosti 2025, ikaisha 1-1, Uyole wakapita kwa penalti 4-3. Jamaa anayeshika chaneli yetu ya YouTube akaja kuipandisha Jumatano kwa kichwa hiki: "BALAA LA LEO!! SIMBA NA YANGA WANAMEZEA MATE, 5-4".

5-4 imetoka wapi? Kajumlisha magoli na penalti! Mechi ile kwenye kumbukumbu ni sare. Mikwaju inaamua nani anasonga mbele, haiongezi goli kwa timu wala kwa mfungaji. Halafu "leo" ni leo ipi, kwa mtu atakayeiona mwakani? Jina la Iyunga halimo popote, si kwenye kichwa wala kwenye maelezo ya chini. Kuna kocha wa Iringa alikuwa anamuulizia beki wao wa kushoto. Atafute neno gani ampate?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwanzoni mwa video alibandika goli la ligi kuu alilolirekodi kwenye televisheni, akaligeuza kushoto kuwa kulia ili lisitambulike. Mwenye haki za matangazo akaomba iondolewe, ikaondoka yote pamoja na kazi yetu. Na chini alikuwa ameandika "haki zote ni za wenyewe". Sentensi hiyo haimpi mtu ruhusa, inakiri tu kwamba alijua si mali yake.

Tulikubaliana tangu mwanzo, jina la faili na kichwa viwe hivi:

```
2025-08-17_Uyole-Iyunga_1-1_pen4-3.mp4
Uyole 1-1 Iyunga (penalti 4-3) | Nusu fainali | 17 Agosti 2025
```

Kwenye faili mwaka unatangulia ili mafaili yajipange yenyewe kwa tarehe. Timu iliyotajwa kwanza, tarakimu yake ndiyo ya kwanza, kwenye penalti vilevile. Tarehe ni ya mchezo, si ya siku bando lilipopatikana. Kama unataka kuzungumzia ligi kuu, taja timu, tarehe na matokeo kwa maneno yako. Hayo ni habari, hayana mwenyewe. Picha za televisheni ndizo zenye mwenyewe.

Mzee_wa_Kona: Pole mkuu. Ila angeweka chini ya sekunde kumi asingeguswa. Na ukienda uwanjani ukarekodi mwenyewe, hiyo ni mali yako, hakuna wa kukugusa hata iwe ligi kuu.

FundiPicha: Mzee wa Kona, hiyo ya sekunde kumi haipo kwenye sheria, watu wanaambizana tu. Hiyo ya pili umepatia nusu. Picha uliyopiga ni yako, lakini kwenye ligi yenye mkataba wa matangazo mwenye mashindano anaweza kukukataza kurekodi unapoingia uwanjani. Mleta uzi, angalia kwanza mmepata kitu gani. Kama ni madai ya Content ID, mtambo umefananisha picha au sauti, na hapo unaweza kukata kipande kile tu humo humo YouTube Studio, video ikabaki. Kama ni straiki, yaani onyo la hakimiliki kwa chaneli nzima, kukata hakusaidii, wala kufuta video hakuiondoi. Inakaa siku 90, na sharti umalize somo lao la hakimiliki, na zikifika tatu ndani ya muda huo chaneli inaweza kufungwa. Kichwa kizuri hakikuokoi hapo, maana mtambo hausomi kichwa.

DadaWaMafinga: Mimi video ya harusi ya mdogo wangu ilizimwa sauti kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Na humo nako mtu aweke matokeo?

kijana_isanga: Jamani linki ya mechi ya leo iko wapi?

Mleta uzi: Kijana, hapa hakuna linki. FundiPicha, ni straiki, nimeiona kwa macho yangu. Basi tunaipandisha upya mechi yetu ikiwa safi, bila kile kipande, na kichwa chake cha haki. Ila kuna jingine: pembeni ya uwanja kulikuwa na kibanda chenye redio inayotangaza mpira, na sauti imeingia kwenye dakika zetu. Itatushika?

FundiPicha: Inaweza kufananishwa, hasa kukiwa na wimbo, ila siwezi kukuapia. Mimi ningeishusha sauti hapo nikaacha kelele za mashabiki kwingine. Swali langu kwako ni jingine kaka: aliyeandaa mashindano aliwapa ruhusa ya maandishi?

Mleta uzi: Ya mdomo tu. Kesho namfuata.