Mrejesho: taa zilizowaka baada ya kubadilisha betri

"Nimeweka betri mpya kwenye RAV4. Sasa taa za VSC ya kuzuia gari kuteleza, usukani na betri zinawaka. Zitazima zenyewe?"

Ndugu zangu, hilo lilikuwa swali langu. Taa mbili, ya VSC na ya usukani, zimezima. Betri ilipotolewa, gari lilisahau katikati ya usukani. Injini ikiwaka, niliuzungusha hadi mwisho kushoto, kisha kulia, nikaenda moja kwa moja barabara ya Kasumbalesa. Dakika chache, zikapotea.

Ile nyekundu ya betri ikabaki, na hiyo haizimwi na safari. Fundi alipima kwenye betri injini ikiunguruma: volti 12.1, wakati inatakiwa karibu 14. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haikuchaji, brashi zake zimekwisha. Naumia, maana huenda betri ya zamani ilikuwa nzima. Pimeni kwanza, kabla ya kununua.