Masika yamekata juisi ya miwa: sabuni ya maji au maandazi?

MiwaBaridi
Wakuu, salaam. Nina mashine ya juisi ya miwa, nauzia Magomeni karibu na kituo cha daladala. Kiangazi siku nzuri naingiza 40,000 kabla ya matumizi. Tangu mvua zianze, jana nimepata 9,000, juzi sikufungua kabisa. Nataka kitu cha kufanyia nyumbani mpaka masika yaishe. Nimebakiza mawili: kutengeneza sabuni ya maji, au maandazi ya kupeleka madukani. Lipi lina faida? Wiki hii lazima niamue.

Bi_Mkubwa_Temeke
Mwanangu, umeuliza nusu. Unaishi wapi, na maji yanaingia ndani? Mfukoni una kiasi gani? Wapo watakaokusaidia kukanda alfajiri? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia biashara yake.

Kamanda_wa_Kariakoo
Achana na vyote. Gumbuti na miavuli! Masika ndiyo msimu wake. Chukua dazeni mbili Kariakoo, simama kituoni hapohapo ulipozoeleka.

MiwaBaridi
Shikamoo Bi Mkubwa. Naishi Kigogo, upande wa juu, maji hayafiki ila njia ya bondeni hufungwa. Nina 180,000. Mke wangu anaweza kukanda. Vyumba viwili, uani tunachangia na wapangaji wengine wanne.
Kamanda, asante, ila kituoni ndiko ninakokimbia. Mvua ikinyesha hakuna anayesimama.

Kamanda_wa_Kariakoo
Wanakimbia kwa sababu hawana miavuli, mkuu.

Fundi_Sabuni
Natengeneza sabuni mwaka wa 6 sasa, Mbagala. Nikuambie ukweli wake.

Lita 20 nzito zinataka asidi ya sulfoniki kilo 1, slesi ya kutoa povu nusu kilo, sodaashi chini kidogo ya robo, chumvi, rangi na pafyumu. Sodaashi unailoweka pembeni mpaka ipoe. Sulfoniki unaikoroga kwenye maji na slesi, kisha unamimina sodaashi kidogo kidogo, maana huchemka povu na ukiharakisha linamwagika ndoo nzima. Vaa glovu, sulfoniki inaunguza. Chumvi ndiyo ya mwisho. Hapo wengi huharibu: chumvi huifanya sabuni iwe nzito, lakini ukipitisha kiasi inageuka maji tena, na kuongeza nyingine hakuirudishi. Yeyusha pembeni, weka kijiko, koroga, tazama. Ikilala usiku mmoja povu linashuka na unaiona ilivyo.

Ikiwasha mikono, huenda asidi imebaki. Nunua karatasi za litmasi upime kila ndoo, usikisie.

Kwangu lita 20 pamoja na madumu manne ya lita 5 zinanigharimu kama 20,000, na dumu nauza 7,500. Kwa hiyo ndoo moja inaacha 10,000. Hesabu nzuri, lakini mteja wa dumu ni mgahawa, baa na saluni, nao masika wanakuwa na hali kama yako. Watakuambia "niachie, nitakulipa Ijumaa." Mimi hutengeneza mapema, mara TMA wa hali ya hewa wanapotoa mwelekeo wa masika, kwa sababu sabuni haiozi. Ukianza leo huna hata mteja mmoja anayekujua, na wa kwanza watakuwa ndio hao wa mkopo.

Dada_Hamira
Mimi nizungumzie maandazi, maana nimeyapitia na yaliniumiza.

Masika ya mwaka juzi niliacha kuuza nguo za mtumba barabarani nikaanza maandazi. Kilo 5 za ngano zilinitolea 140. Nikajumlisha: ngano 10,000, sukari 2,400, mafuta yaliyoliwa 5,000, hamira 500, mkaa 2,000. Jumla 19,900. Madukani walichukua kwa 150 ili wauze 200. Yaani 21,000. Nimeamka saa 9 usiku kwa faida ya 1,100.

Na hiyo ni siku yaliyoisha. Mwenye duka mmoja alikuwa anarudisha yaliyobaki, hata kama yamelowa kwa sababu beseni lake aliliacha mlangoni. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku 3 mfululizo, mkaa uliloa, ukawa unatoa moshi bila moto, mafuta hayapati joto, andazi linanyonya mafuta hadi linakamulika. Siku ile nilirudishiwa 90. Tuliyala, tukagawa, mengine yakatupwa. Mtaji ulikwisha siku ya 12.

Kilichoniokoa baadaye ni kuacha duka. Nilipika kilo 2 tu, nikauza mwenyewe mlangoni kwa 200, saa 12 asubuhi, pamoja na chai ya rangi. Watu wa uani hawavuki mfereji kufuata chai mvua ikinyesha. Kilo 2 zilitoa 56, ni 11,200, gharama kama 8,000. Faida ndogo, lakini hakuna andazi lililorudishwa.

Bi_Mkubwa_Temeke
Umesema kweli, Hamira. Na mkaa ununue gunia mapema, uweke juu ya mbao, usiuegemeze ukutani.

Mzee_wa_Mburahati
Naona watu wanasema sabuni haiuziki masika. Si kweli. Matope yanaongezeka, sakafu inapigwa deki mara tatu kwa siku.

Fundi_Sabuni
Deki ndiyo, Mzee. Lakini nguo hazikauki, kwa hiyo kufua kunapungua, na kufua ndiko kunakokula sabuni. Anayepiga deki ananunua nusu lita, si dumu. Hapo labda MiwaBaridi apime chupa ndogo za 1,000 kwa majirani.

Mzee_wa_Mburahati
Basi na chupa zauzwa. Mimi nimesema sabuni inauzika.

Pwani_Moja
Hapa Mombasa mimi naendesha tuktuk, mvua ikifunga barabara nakula hasara vilevile. Je, sabuni yenu naweza kubeba kwenye tuktuk nikiwa na abiria? Na kibali kinatakiwa?

Fundi_Sabuni
Ya kwenu sijui. Kwa Bongo, ukitaka iingie madukani utahitaji alama ya ubora ya TBS, na SIDO wa viwanda vidogo wanakuandikia barua ya utambulisho. Ukiuza uani hakuna atakayeuliza, lakini usibandike lebo ya kampuni ya mtu.

Kamanda_wa_Kariakoo
Mimi bado nasema gumbuti.

Mzee_wa_Mburahati
Haya yote yatakwisha daraja jipya la Jangwani likikamilika. Tatizo letu ni mto Msimbazi. Nakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, baadaye watu wakahamishiwa Mabwepande, na wengine wakarudi bondeni.

Bi_Mkubwa_Temeke
Daraja litapitisha magari, Mzee. Bonde litabaki bonde. Na kijana hapiti juu ya daraja, yuko Kigogo na mashine yake. Hiyo mashine umeiweka wapi, mwanangu? Injini ikiingia maji hutakuwa na cha kurudia Juni.

MiwaBaridi
Iko kituoni, nimeifunika turubai, mlinzi namlipa. Nalipa pia 30,000 ya eneo kila mwezi, sikuitaja. Nikiacha kulipa, eneo linachukuliwa.

Dada_Hamira
Kumbe! Hiyo ndiyo ya kwanza kuihesabu. Chai na maandazi ya mlangoni yalinipa mimi kama 3,000 kwa siku. Siku 10 zinalipa eneo, zinazobaki ndizo chakula.

MiwaBaridi
Mke wangu amesema tuanze kilo 2 Jumatatu. Sabuni nitajaribu ndoo moja tu, ya chupa ndogo. Fundi, litmasi napata duka gani, na ikionyesha asidi imebaki narekebishaje bila kuharibu ndoo?

Fundi_Sabuni
Maduka ya kemikali Kariakoo. Ongeza maji ya sodaashi, kijiko kimoja kimoja, upime tena. Iwe kabla ya chumvi, si baada.

Kamanda_wa_Kariakoo
Ukifika Kariakoo nipitie, nikuonyeshe bei ya miavuli.