Wosia wa Mzee: nani atie sahihi Jumamosi?

*Kikundi: Ukoo wa Mzee, Voi*

Mama Zawadi 19:02: Jamani, Jumamosi saa nne asubuhi Mzee anatia sahihi wosia wake. Karatasi imeshapigwa chapa. Mashahidi nimeweka mimi na Baba Junior. Mwenye neno aseme leo.

Mama Zawadi 19:44: Naona mmesoma wote. Semeni basi.

Mghanga 19:51: Pilau ipo? Shahidi mwenye njaa haoni vizuri 😂

Mwadime 20:15: Shikamoo Shangazi. Tafadhali, Baba Junior asitie sahihi, na wewe usitie. Babu si anamwachia Shangazi Wakesho nyumba ya Voi, na wewe shamba la Mwatate? Baba Junior ni mume wa Wakesho. Sheria ya Urithi kifungu cha 13 inasema shahidi akiachiwa kitu, au mke au mume wake akiachiwa, kile kitu kinabatilika. Huku kwa wakili ninakofanya kazi tunaliona mara kwa mara.

Baba Neema 20:19: Kweli. Mtoto akishuhudia wosia wote unafutwa. Hata msimamizi wa wosia haruhusiwi.

Mwadime 20:24: Hapana Baba Mdogo, wosia unasimama, linaloanguka ni fungu la aliyeshuhudia. Na msimamizi anaruhusiwa, mradi mwenyewe au mkewe hajaachiwa kitu.

Mama Zawadi 20:26: Nyumba ikianguka inamwangukia nani?

Mwadime 20:31: Nimeisoma ile karatasi. Haisemi mali iliyobaki iende kwa nani. Kwa hiyo nyumba itahesabiwa kama haikuandikiwa wosia, na kwa kuwa Bibi hayupo, itagawanywa sawa kwa nyinyi watoto 5. Shangazi Wakesho anayemwogesha Babu kila siku atapata fungu 1 kati ya 5, eti kwa sababu mumewe alisaidia kushika kalamu.

Mwakio 20:33: Basi mwacheni Baba Junior atie. Mabati ya nyumba hiyo yalitoka kwa ng'ombe wangu. Mnajua.

Mama Zawadi 20:33: Mwakio usianze. Ya ng'ombe tuliyamaliza Wundanyi.

Mwakio 20:34: Mliyamaliza nyinyi.

Mama Tole 20:40: Mbona mimi nilishuhudia fomu ya chama cha akiba ya mume wangu na jina langu limo? Hakuna aliyekataa.

Mwadime 20:42: Ile ni fomu ya kutaja mrithi, chama kina kanuni zake. Hapa ni wosia.

Mghanga 20:43: Mama Tole ameshajiandaa kabisa 😂😂

Mama Tole 20:43: Mghanga nitakuja huko.

Mama Zawadi 20:50: Turudi. Baba Junior atie, halafu tuongeze watu wawili wa nje. Nimesikia hiyo inaruhusiwa.

Mwadime 20:56: Inaruhusiwa. Wakiwapo mashahidi wengine 2 wasioachiwa chochote, nyumba inaokoka. Lakini ukishawapata hao 2, Baba Junior anahitajika kwa nini? Na akitokea mmoja wao ana kasoro, tumerudi palepale.

Mama Zawadi 21:03: Haya, Mwalimu jirani. Ila Jumamosi yuko shuleni hadi saa nane. Nitampelekea karatasi huko atie.

Mwadime 21:08: Usimpelekee! Si lazima mashahidi wawe pamoja, lakini kila mmoja lazima amwone Babu akitia sahihi, au Babu mwenyewe amwambie "hii ni sahihi yangu", kisha atie yake mbele ya Babu. Mwalimu aje nyumbani saa tisa. Si lazima asome yaliyoandikwa. Na mkono wa Babu ukitetemeka, alama ya kidole inatosha.

Baba Neema 21:15: Mchungaji je? Ila kanisa limeachiwa kiwanja.

Mwadime 21:19: Kiwanja ni cha kanisa, si chake wala cha mkewe. Lakini anayetaka kupinga atapata pa kushikia. Nitamuuliza wakili Jumatatu.

Mama Zawadi 21:20: Jumatatu Jumamosi imepita!

Shangazi Mkuu 21:47: Nimesomewa yote. Kaka yangu yu hai na anasikia. Mwakio, ng'ombe yule alichinjwa kwenye matanga ya mama yako, mimi nilikuwapo. Mimi sijaandikiwa kitu na sitaki kuandikiwa. Nitatia sahihi mimi. Wote mlioachiwa, na wake na waume zenu, mtakaa nje wakati huo.

Mghanga 21:49: Shikamoo Bibi.

Mwakio 22:05: Shikamoo Shangazi.

Mama Zawadi 22:06: Asante Shangazi. Bado mmoja. Mwalimu hapokei simu. Nani yuko karibu naye?

Mama Zawadi 22:30: ???

Wakesho 23:10: Samahani, nilikuwa namlisha Baba. Anauliza ni Jumamosi hii au ijayo.

Mama Zawadi 23:11: Ni hii, Mwalimu akikubali. Muulize pia mali iliyobaki anataka iende kwa nani, karatasi ipigwe chapa upya.