Mrejesho: kupima kama sura imebaki ileile baada ya kubadilisha mavazi

Niliuliza: "Namvalisha mteja nguo tofauti kwenye picha moja kwa AI. Nitapimaje kama uso bado ni wake?"

Wakuu, nashukuru sana, njia imekubali. InsightFace, programu ya kutambua nyuso, inageuza kila uso kuwa orodha ya namba 512, kisha nalinganisha na ile ya picha ya asili; alama ikikaribia 1, nyuso zinafanana zaidi:

```python
alama = float(asili.normed_embedding @ uso.normed_embedding)
```

Kikomo nilikipata kwa kulinganisha picha halisi za mteja zenyewe kwa zenyewe. Alama ya chini ilikuwa 0.62, ndiyo mstari wangu.

Kila toleo pimeni dhidi ya picha ya asili, siyo dhidi ya lililotangulia, maana sura huhama kidogo kidogo. Nilitoka gauni la kitenge, nikaenda suti, dera, mwisho koti. Kila moja lilifanana na la kabla yake kwa zaidi ya 0.8, lakini koti dhidi ya asili likaangukia 0.55. Wastani ungelificha hilo, kwa hiyo naangalia alama ya chini kabisa.

Picha ambayo programu haikuona uso naihesabu imefeli. Ukiiruka, matokeo yanapendeza bure. Miwani nayo hushusha alama hata uso ukiwa sawa, hivyo linganisha na picha halisi yenye miwani.

Na bado kuza picha uitazame kwa macho. Kovu dogo juu ya nyusi ya mteja lilifutika, alama ikabaki 0.78, na kovu lile ni sehemu ya sura yake.