Mrejesho: Uwezo wa moduli ya Peltier kupoza kwa ampea 3

Kuhusu moduli hii, kifaa kinachotumia umeme kuhamisha joto kutoka upande wake wa baridi hadi wa moto, niliuliza: "Kwa nini hesabu yangu inatoa wati 9 tu za kupoza?"

Nashukuru, kosa nimeliona. Nilikuwa nimetoa joto lote la ukinzani, wati 18, ilhali ni nusu yake tu inayorudi upande wa baridi, na nusu nyingine huelekea upande wa moto.

```
Qc = S·I·Tc − ½·I²·R − K·(Th − Tc)
```

Qc ni uwezo wa kupoza, I ni mkondo wa ampea 3, na Tc na Th ni halijoto za upande wa baridi na wa moto. Kwa mgawo wa Seebeck S = 0.05 V/K, ukinzani R = 2 Ω, upitishaji joto K = 0.5 W/K, Tc = 280 K na Th = 310 K, napata 42 − 9 − 15 = wati 18. Th niliipima kwenye bamba la moto lenyewe, si hewani, kwa sababu bamba hilo likipanda kelvini 1 tu, nusu wati nzima hurudi kwenye baridi.